Siku 10 zilizofutwa na rasimu zilizobaki: namna ya kuandika ili kazi yako ijieleze ni ya nani

Mhariri mmoja aliwahi kuniandikia barua pepe ya mistari michache. Alikuwa ameipokea makala yangu na ameipenda, ila wiki hiyohiyo alikuwa amepata nyingine kutoka kwa mtu mwingine, juu ya jambo lilelile, na aya zetu za mwanzo zilifanana mno. Je, naweza kumwonyesha nilivyoiandika?

Hakunituhumu. Hata hivyo, swali la namna hiyo huchoma, na ubaya wake mkubwa ni kwamba kwa kawaida linamkuta mtu mikono mitupu. Unafungua kompyuta, unakuta faili moja tu, imekamilika, imenyooka, kama vile iliteremka ilivyo. Kazi ya wiki mbili imejifuta yenyewe, kwa sababu kila ulipohifadhi, toleo jipya lilimeza la zamani.

Mimi niliokolewa na usahaulifu. Nina tabia ya kusahau nilifikaje kwenye wazo fulani, kwa hiyo tangu zamani naweka tarehe kwenye madondoo, sifuti mifupa ya zamani ya makala, na rasimu kila moja inabaki na namba yake. Nilikuwa nafanya hivyo ili nijielewe mwenyewe. Siku ya swali lile ndipo nilipogundua kwamba mazoea hayohayo yalikuwa yameniandalia majibu.

Kwanza tutenganishe maswali yaliyofichwa ndani ya lile moja. Anayeuliza “hii ni kazi yako?” anaweza kuwa anauliza nani ameandika maneno haya, au yameandikwa lini, au mawazo yametoka wapi. Ushahidi wa swali moja hausaidii sana kwa lingine. Tarehe ya faili inajibu “lini” na kunyamaza kuhusu “nani”. Jina juu ya makala linajibu “nani” mpaka mtu apinge. Mkataba wa Berne juu ya haki za waandishi, uliotiwa saini mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye, unasema hivyo katika ibara yake ya 15: jina likiwekwa kwenye kazi kwa namna ya kawaida, mwenye jina huchukuliwa kuwa ndiye mwandishi, isipokuwa uthibitisho wa kinyume utolewe. Wazo lenyewe halina mwenyewe kisheria. Kinacholindwa ni namna lilivyosemwa na kupangwa. Basi ukiulizwa, unachohitaji kuonyesha ni jinsi maneno na mpangilio ule ulivyozaliwa. Kwamba wewe ndiye wa kwanza kufikiria jambo hilo duniani ni suala jingine.

Na kuzaliwa kwa maandishi huonekana zaidi kwenye makosa yake. Hapa pana kisa cha zamani kinachofaa kukumbukwa. Wanahisabati Isaac Newton na Gottfried Leibniz waligombana juu ya nani aliyebuni kalkulasi, tawi la hisabati linalohusu mabadiliko. Newton alikuwa ameifanyia kazi tangu miaka ya 1665 na 1666 bila kuichapisha. Leibniz alichapisha yake mwaka 1684. Mwaka 1712 kamati ya Chama cha Kifalme cha London, ambacho ni chama cha wanasayansi, iliegemea upande wa Newton, na Newton mwenyewe ndiye aliyekuwa rais wa chama hicho. Zaidi ya kamati yoyote, kilichokuja kumtetea Leibniz mbele ya wanahistoria ni karatasi zake za faragha. Kwenye karatasi ya tarehe 29 Oktoba 1675 anaonekana akianza kutumia ile S ndefu, ∫, tunayoiandika hadi leo. Wiki mbili baadaye, tarehe 11 Novemba, anajiuliza kama d(xy) ni sawasawa na dx mara dy, anajaribu, kisha anaona sivyo. Anayenakili jibu hana sababu ya kutangatanga namna hiyo, kwa kuwa analo tayari mkononi. Leo wanahistoria wanakubali kwamba wawili hao walifika kila mmoja kwa njia yake.

Sasa turudi kwenye makala yangu, maana humo ndimo nitakapoonyesha kila hatua. Ilihusu siku 10 zilizotoweka mwaka 1582. Papa Gregori wa 13 alirekebisha kalenda, na katika nchi zilizofuata amri yake mara moja, Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa ya tarehe 15 Oktoba. Nilitaka kueleza kwa nini zilikatwa siku 10 hasa.

Madondoo yangu huwa na sauti tatu, na kila sauti ina herufi yake. N ni nukuu: maneno ya mtu mwingine neno kwa neno, ndani ya alama za kunukuu, pamoja na ukurasa. F ni ufupisho: jambo la mtu mwingine nililolisema kwa maneno yangu, nalo pia lina ukurasa. M ni mimi: swali langu, hesabu yangu, ubishi wangu. Ni herufi moja tu mwanzoni mwa mstari, wala haihitaji programu maalumu. Daftari la karatasi linatosha. Kazi yake ni kuzuia sauti hizo tatu zisichanganyike baada ya wiki mbili, wakati kumbukumbu imekwisha kufifia na kila mstari ulioandikwa kwa mwandiko wako unaonekana ni wako.

Tarehe 2 Machi niliandika hivi, na naandika tena hapa kama ilivyo:

“F, uk. 47: mwaka wa kalenda ya zamani ni siku 365.25, mwaka wa jua ni kama 365.2422. Kalenda inapitwa kwa dakika kama 11 kila mwaka, yaani siku 1 katika miaka 128.

M: kalenda ya Kaisari ilianza 45 KK. Mpaka 1582 ni miaka 1,626. Gawanya kwa 128 unapata 12.7. Mbona wamekata 10 tu? Nimekosea wapi?”

Swali hilo lilikaa siku tatu. Tarehe 5 Machi, chini yake, kuna mstari mwingine, na kalamu inaonekana ilikuwa na haraka: “M: hawakuanza kuhesabu kwa Kaisari! Walitaka ile siku ya Machi ambayo mchana na usiku hulingana irudi tarehe 21, kama wakati wa Mtaguso wa Nikea, 325. 1582 toa 325 ni 1,257. Gawanya kwa 128: 9.8. Ndizo hizo 10.”

Tazama kilichomo humo. Pana hesabu iliyoleta jibu lisilofaa, pana siku tatu za kutojua, na pana jibu lenye furaha yake. Laiti ningalifuta hesabu ya kwanza ili daftari lionekane safi, ningalibaki na jibu ambalo yeyote angeweza kulinakili kitabuni. Ndiyo maana nasisitiza: dondoo lenye kosa likatwe kwa mstari mmoja linaloweza kusomeka chini yake, lisifutwe. Kwenye kompyuta, liache lilivyo uandike sahihisho chini yake pamoja na tarehe.

Baada ya madondoo huja mifupa, yaani mpangilio wa hoja kabla ya kuzivisha nyama. Watu wengi huandika mifupa mara moja, kisha huibadilisha hapohapo kadiri makala inavyoendelea, mpaka mwishoni mifupa inafanana na makala kama pacha. Mifupa ya namna hiyo haithibitishi kitu, kwa kuwa yeyote anaweza kuichonga kutoka kwenye makala iliyokwisha andikwa. Inayosema kitu ni ile inayopishana na makala. Mifupa yangu ya tarehe 3 Machi ilifuata mtiririko wa miaka: Kaisari, kosa la dakika 11, Papa, nchi zilizogoma kuibadili kalenda, kisha leo. Ni mpangilio wa mtu ambaye bado hajajua makala yake inahusu nini. Ile ya tarehe 5, niliyoiandika chini ya ya kwanza bila kuigusa, inaanza na swali la 12 dhidi ya 10, inaingia Nikea, halafu ndipo inamleta Papa. Pembeni nimeandika sababu kwa mstari mmoja: “Swali la 12 limehamia mbele. Nchi zilizogoma ziende mwisho, zinavuta makala pembeni.”

Mstari huo wa sababu ndio kiungo. Unafunga dondoo la tarehe 5 na mifupa ya tarehe 5, na baadaye unaifunga mifupa hiyo na rasimu ya pili. Ukiniuliza ni kitu gani kimoja mtu akianze akiwa hana muda wa vingine, nitakuambia ni huo: kila unapobadilisha mpango, andika kwa nini, kwa maneno yasiyozidi kumi na tano.

Kwenye rasimu nina kanuni mbili tu. Ya kwanza, siongezi namba ya rasimu kwa sababu siku imekwisha; naongeza ninapokaribia kufanya jambo kubwa, kama kubadili mpangilio, kukata sehemu nzima au kuipeleka kwa msomaji. Mtu anayehifadhi nakala mpya kila baada ya dakika kumi atakuwa na faili mia moja zisizosomeka, na siku ya swali hatajua aonyeshe ipi. Makala ya maneno 1,500 inahitaji rasimu tatu mpaka sita. Majina yanapangika hivi:

```
siku10_2_mifupa.docx
siku10_3_rasimu1.docx
siku10_3_rasimu2.docx
siku10_9_mabaki.docx
```

Kanuni ya pili ni hayo mabaki. Ninachokikata hakiendi pipani, kinaenda kwenye faili ya mabaki pamoja na namba ya rasimu kilikotoka. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na maneno 900 na haikuwa na mwisho. Ya pili ilifika 1,900. Ya tatu ilishuka hadi 1,450, kwa sababu aya nne za nchi zilizogoma ziliondoka. Ya nne, iliyokwenda kwa mhariri, ilikuwa kama 1,500. Kupanda, kushuka, kisha kutulia ndiyo sura ya kawaida ya kazi inayofikiriwa huku inaandikwa.

Anayeandika kwenye Google Docs ana msaada wa ziada, kwa kuwa programu yenyewe huhifadhi matoleo. Njia yake ni `File > Version history > See version history`, na unaweza kulipa toleo jina kwa `Name current version`. Tumia majina yaleyale ya rasimu, maana matoleo yasiyo na jina programu inaweza kuyaunganisha kadiri muda unavyopita. Kuna mtego mmoja umewaumiza wengi: ukitengeneza nakala ya hati, nakala hiyo huanza historia yake upya. Mtu anaandika wiki mbili kwenye hati moja, siku ya mwisho anatengeneza nakala “safi” ya kutuma, anaifuta ya zamani, na hapo anakuwa amechoma daftari lake mwenyewe. Mtego wa pili ni kuandika kwenye simu kisha kubandika kwenye hati. Historia itaonyesha maneno 800 yakitokea kwa mpigo mmoja, sawasawa na jinsi ingeonekana kama ungeyaokota mahali pengine. Dawa yake ni kutofuta ule mwandiko wa simu, na kuandika kwenye kumbukumbu ya siku: “Aya ya 3 mpaka ya 6 nimeandika kwenye simu, nimebandika leo.”

Faili za Word nazo hubeba taarifa ndani yake, kama tarehe ya kuundwa na jumla ya dakika za uhariri. Usizitegemee sana. Dakika hizo zinaweza kuhesabiwa hata hati ikiwa wazi na wewe umekwenda kulala, na tarehe kwenye kompyuta yako hufuata saa ambayo wewe mwenyewe unaweza kuirudisha nyuma. Wanaotumia Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, wanajua jambo hilohilo: tarehe ya kila hifadhi huandikwa na mwenye kompyuta.

Kwa sababu hiyo tarehe inahitaji shahidi wa nje, yaani mahali ambapo saa si yako. Njia nyepesi ni kumtumia mtu rasimu kwa barua pepe. Nilimtumia rafiki rasimu ya pili na kumwomba aniambie hesabu ya Nikea inaeleweka au la, naye akajibu kwa kulalamika kwamba aya za nchi zilizogoma zinachosha. Barua hiyo ina tarehe kwenye sanduku lake na kwenye langu, na lalamiko lake linaeleza kwa nini rasimu ya tatu ilipungua. Kama hutaki mtu aione kazi yako bado, unaweza kutuma alama ya faili badala ya faili yenyewe. Kwenye Linux amri ni hii:

```
sha256sum siku10_3_rasimu2.docx
```

Itakupa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha hata nukta moja ndani ya faili, mfuatano unakuwa mwingine kabisa. Mtumie mtu mfuatano huo leo. Mwakani ukileta faili na ikatoa mfuatano uleule, itakuwa wazi kwamba ilikuwapo siku ile jinsi ilivyo. Itakuwa wazi kwamba ilikuwapo, narudia, si kwamba uliiandika wewe. Mwizi naye anaweza kuchukua alama ya faili aliyoiba.

Hapa ndipo pana mpaka wa jambo hili zima, na sipendi kuuficha. Hakuna kipande kimoja kisichoweza kughushiwa. Mtu mwenye makala ya wizi anaweza kukaa akatengeneza madondoo, mifupa na rasimu tatu kwa kurudi kinyumenyume. Lakini zitazame kazi za namna hiyo na utaona zinavyojichongea. Rasimu zake hurefuka tu, hazifupiki. Madondoo yake hayana kitu ambacho hakikuingia kwenye makala, ilhali katika kazi halisi sehemu kubwa ya madondoo hubaki nje. Maswali yake yanajibiwa siku ileile yalipoulizwa. Na ukimuuliza kwa mdomo kwa nini aya fulani iliondoka, anaeleza aya ilivyo badala ya kueleza alivyokuwa amekwama. Kughushi mkwamo wa siku tatu kunahitaji kuielewa kazi karibu sawa na kuiandika.

Nilimjibu mhariri kwa vitu vinne: picha ya kurasa mbili za daftari, mifupa yote miwili, rasimu ya pili pamoja na barua ya rafiki, na faili ya mabaki. Sikutuma kila kitu. Daftari lina mambo yangu mengine, na msomaji mwenye kazi nyingi akitupiwa faili ishirini hatafungua hata moja. Nilimwandikia na aya moja ya kumwongoza: anza na dondoo la tarehe 2, kisha la tarehe 5, ndipo uangalie jinsi mifupa ilivyobadilika siku hiyo.

Alijibu kwamba ameridhika na hesabu ya 12.7 na 9.8, na kwamba mwenzangu hakuwa nayo kabisa. Akauliza juu ya aya ya mwanzo, ile inayosimulia watu waliolala Alhamisi tarehe 4 wakaamka Ijumaa tarehe 15. Mbona sentensi zake tatu zinakaribiana hivyo na za yule mwingine?

Nilirudi kwenye daftari nikiwa na hakika ya kumnyamazisha. Zile sentensi zilikuwa ukurasa wa tarehe 1 Machi, na mwanzoni mwake palikuwa na herufi F na namba ya ukurasa. Nilikuwa nimezifupisha kutoka kwenye kitabu cha historia ya kalenda, ufupisho uliokaribia mno maneno ya mwenyewe, kisha katika rasimu ya kwanza nikaziingiza bila kutaja chanzo, na kufikia rasimu ya nne nilikuwa nimekwisha amini ni zangu. Yule mwandishi mwingine alikuwa amesoma kitabu hichohicho. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Sote wawili tulikuwa tumekopa kwa mtu mmoja bila kusema.

Nilimweleza mhariri kama ilivyokuwa, nikampelekea na picha ya ukurasa huo. Aya niliiandika upya jioni ileile na kukitaja kitabu. Ni rasimu ya 5, na sababu yake iko daftarini kwa maneno yasiyozidi kumi na tano: “F ya tarehe 1 iliponyoka ikawa M. Mhariri kaiona kabla yangu.”